Kibao cha Kiazabajani kwenye Kivuko cha Wagenia

Amuri alikuwa mtu wa kupendwa, na mtu wa kupendwa ana shida yake: watu wakimwuliza neno, anaona haya kusema sijui. Alikaa Uturuki miaka mingi, kule Bursa, akasoma mambo ya viwanda vya nguo, na aliporudi Kisangani hakukuta kiwanda cha nguo cha kumngoja. Akafundisha hesabu kidogo, akawasaidia wafanyabiashara wa mtaa wa Makiso kuongea na wauzaji wa Istanbul kwa simu, na hivyo jina la Prof likamganda. Ukipita sokoni ukauliza Prof wa Kituruki, hata mwendesha toleka anakubeba kwa baiskeli yake mpaka mlangoni.

Alikuwa na rafiki wa kazi, Papa Ezéchiel Kataliko, mtu wa Butembo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Papa Kataliko alikuwa na ofisi ndogo ya kutembeza wageni. Na alikuwa na desturi yake, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo mjini: kila kundi la wageni likija, linakuta kibao kimesimamishwa kwenye kivuko cha Wagenia, wavuvi wa mtoni, kimeandikwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Wajapani walikuta Kijapani. Wapolandi walikuta Kipolandi. Wageni hupiga picha mbele ya kibao, picha zinazunguka dunia, na dunia inapiga simu kwa Papa Kataliko. Tena alikuwa na sheria: aliyeandika maneno ya kibao ndiye anayefuatana na wageni safari nzima, kwa sababu, alisema, "aliyekaribisha ndiye atapika."

Kuandika kwa simu alikataa kabisa. Mara moja simu ilimtafsiria bango la wageni wa Ureno, na Wareno wale walicheka mpaka Isangi. Tangu siku hiyo alitaka mtu na mdomo wake.

Basi likaja kundi kutoka Baku, wazee wanaopenda mito mikubwa. Nani Kisangani anajua Kiazabajani? Alikuwepo mmoja tu, Karima binti Mahmoudi, wa Lubunga ng'ambo. Alipewa nafasi ya kusoma Baku, akasoma mambo ya mafuta ya ardhini, na mwaka wa kwanza wote ulikwisha kwa kujifunza lugha. Akarudi na cheti na lugha, na mji haukutaka hata kimoja. Wanawake wa kivukoni walimtania: "Karima, hiyo lugha yako inanunua nini? Chikwange ya muhogo?" Yeye anacheka tu, lakini mama yake, Mama Binti, alijua kwamba kicheko kile kilikuwa cha kufunga mlango.

Siku Papa Kataliko alipomwita, Karima aliweka kilemba kipya. Alipewa sentensi nne za Kifaransa: karibu Kisangani, wavuvi wananing'iniza vikapu vikubwa kwenye miti, mnaweza kuwaona asubuhi mapema, tafadhali, kabla hamjashuka mtumbwini, mngojeni mwongozaji. Karima akayaandika kwa mkono, polepole, akiyasema kwa mdomo kwanza, kama mtu anayeonja mchuzi. Akaacha karatasi ofisini.

Papa Kataliko akamwita Amuri. "Prof, iko Kituruki kidogo hii, si ndio? Angalia tu kama iko safi. Mi sitaki aibu tena, Wareno wananitosha."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilianza kwa upole kabisa. Amuri angeweza kusema: patron, mimi najua Kituruki, Kiazabajani ni ndugu yake, lakini ndugu si mtu mmoja. Hakusema. Akavaa miwani. Adeline, katibu wa ofisi, alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai. Naye Papa Kataliko amesimama, mikono kiunoni, anangoja. Watu wakingoja neno lako, neno linatoka lenyewe.

Karatasi ilianza: *Kisanqaniyə xoş gəlmisiniz!*

"Ah," Amuri akasema, "tayari."

"Tayari nini?"

"Hoş geldiniz ndiyo karibu. Angalia yeye, ameweka x. Kituruki hakina x. Na q hakina. Mi nilikaa chumba kimoja na Muuzbeki, Bursa, jina Sherzod. Daftari zake zilijaa x na q. *Xush kelibsiz*, ndivyo wanavyokaribishana. Huyu dada amechanganya Kituruki na Kiuzbeki, halafu jina la mji wake mwenyewe ameshindwa kuandika. Kisan-*q*-ani! Patron, sisi tunakaa wapi? Kisan-ka-ni?"

Adeline akacheka, chai ikamwagika mezani. Kicheko cha Adeline kilikuwa kizuri, na Amuri, Mungu amsamehe, alitaka kingine.

"Ngoja, iko mbele. Hapa chini anawaambia wageni wamngoje mwongozaji *düşməzdən əvvəl*. Düşmek ni kuanguka! Kabla hamjaanguka mtumbwini, mngojeni mwongozaji!"

"Eh! Donc wageni wanangoja kibali kwanza, ndiyo waanguke?" Papa Kataliko akapiga paja. "Mama yangu!"

Wakacheka wote watatu. Amuri akachukua kalamu nyekundu, akakata, akaandika juu yake Kituruki safi, kile cha Bursa. Kisangani akaiandika vizuri, na alama ya juu kabla ya kiambishi, kama magazeti ya Istanbul: *Kisangani'ye hoş geldiniz!* Penye *səhər*, asubuhi, akaweka *sabah*. Penye *zəhmət olmasa*, tafadhali, akaweka *lütfen*. Penye *bələdçi*, mwongozaji, akaweka *rehber*. Ile herufi iliyopinduka, *ə*, akaiondoa kila mahali, kama mtu anayeokota mawe katika mchele.

"Lugha ni moja," akasema. "Wataelewa."

Papa Kataliko akampa kazi ya kibao, na kwa sheria yake, akampa na safari. Karima akaambiwa kwa simu, na Adeline ndiye aliyempigia. Hakuwa na ubaya, lakini hakuweza kunyamaza: "Karima weye, kabla hamjaanguka!"

*

Amuri aliporudi nyumbani alikuwa na furaha, na akataka kumgawia Sherzod kipande cha furaha hiyo. Sherzod sasa alifanya kazi hoteli ya Istanbul. Walikuwa wanatumiana salamu za sikukuu. Amuri alikuwa ameipiga picha karatasi ya Karima, na rangi nyekundu juu yake. Akaituma. *Ndugu yangu, ona Kiuzbeki chenu kimefika mpaka mtoni kwetu.*

Jibu lilikuja kwa sauti, Kituruki cha Sherzod chenye mwendo wa Samarkand.

"Amuri, rafiki, nimefurahi kukusikia. Lakini hii si yetu, ni ya Waazabajani. Sisi hatuna ile e iliyopinduka hata moja. Sisi *ş* tunaandika *sh*, na *ç* tunaandika *ch*. Huoni hapa zina mikia? Wewe umeona x na q ukatuita. Hizo tunazo sote wawili, sisi na wao, ninyi wa Kituruki ndio hamna. Na q yao si yetu. Sisi tunaivuta kooni, wao wanaisema g. Ndiyo maana mji wako wameuandika hivyo. Wao majina ya wageni wanayaandika kama wanavyoyasikia, hawaachi kama yalivyo. Kisan-*g*-ani, sawa kabisa. Na kushuka mtumbwini, sisi tunasema *qayiqdan tushish*. Ni kushuka, si kuanguka. Ninyi Waturuki ndio mmelibakiza neno lianguke tu. Nimemwonyesha mwenzangu wa mapokezi, yeye ni wa Baku. Amesema aliyeandika kwa wino wa bluu amekaa kwao, ameandika kama mtu wa kwao. Aliyeandika kwa nyekundu, amecheka sana. *Sabah* yako kwao ni kesho. Umewaambia wageni kwamba wavuvi wataonekana kesho. Na *rehber*, kwao ni kiongozi, mkubwa wa kazi. Watamngoja mkurugenzi. Nani huyu mwandishi wa bluu? Umwambie salamu."

Amuri akasikiliza mara ya pili. Akaweka simu mezani, uso chini.

Wapo watu ambao wakikosa wanakimbilia kutengeneza. Amuri alikuwa wa aina nyingine. Alikaa. Alijiambia: kesho nitampigia patron. Alijiambia: kwanza, Waazabajani wengi wanaelewa Kituruki, wanaangalia televisheni yake, hakuna atakayekufa. Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilimkalia vizuri kama kiti. Kumbe ukweli mdogo unaweza kumficha mtu mzima.

Karima akaja mwenyewe, kabla Amuri hajapiga simu yoyote. Alisimama mlangoni, kilemba cha kila siku, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Yaya Amuri, kaka yangu, hodi. Sijakuja na fitina."

"Karibu, dada, karibu. Fitina gani? Kaa."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Wamenieleza makosa yangu. Nimecheka pia. Lakini usiku sikulala. Yaya, miaka minne nilikaa kule. Nilinunua mkate kwa lugha ile, niliumwa kwa lugha ile, nililia kwa lugha ile. Na *səhər* mi nilijua ni asubuhi. Sasa najiuliza, labda kichwa changu ndicho kimechanganya. Batu wananiambia lugha isiposemwa inaoza. Weye iko mutu wa kusoma. Nifundishe nilipoharibu, walau moja moja, nisife nikijua uongo."

Alikuwa na kalamu. Amekuja na kalamu, jamani, kuandika masomo.

Amuri akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepangwa: dada, hukuharibu kitu, mimi ndiye. Akaona uso wa Adeline, akamsikia Papa Kataliko akipiga paja, akaona jina lake la Prof likitembea mjini bila nguo.

"Inatokea," akasema. "Lugha hizi zinafanana, eh. Hata mi nachanganya. Usijisumbue sana."

"Kwa hiyo *səhər*..."

"Tutaangalia siku nyingine, nina mtu ananingoja."

Karima akafunika kalamu. "Asante, yaya. Mungu akubariki kwa kunipokea." Akatoka na viatu vyake mkononi, na Amuri akabaki na baraka hiyo. Hakupata mahali pa kuiweka. Jioni hakula. Mkewe aliuliza kama ni malaria, akasema labda.

*

Mchoraji wa vibao aliitwa Jérémie, na karakana yake ilikuwa karibu na kivuko. Amuri alikwenda kuona ubao, kwa sababu Papa Kataliko alimtaka athibitishe kabla rangi haijakauka kabisa. Ubao ulikuwa mzuri: bluu ya mto, herufi nyeupe, na pembeni vikapu vya wavuvi vimechorwa kama pembe kubwa zinazoelekeza mdomo kwenye maji.

"Prof, nina malalamiko," Jérémie akasema.

"Yapi?"

"Patron kwanza alinitumia karatasi ya yule dada. Kulikuwa na ile herufi, e imelala kichwa chini. Nikafanya mazoezi yake asubuhi nzima, ona." Akamwonyesha kipande cha bati kimejaa *ə ə ə*, kubwa na ndogo. "Ikawa nzuri kuliko herufi zangu zote. Halafu mukaiondoa. Mukaniletea herufi za kawaida tu. Ilikosa nini, ile mutoto?"

"Haikukosa kitu," Amuri akasema.

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kumtoka tangu siku ile, na alilitoa kwa mchoraji ambaye halikumhusu. Akaona aibu zaidi. Jérémie alikuwa ameshageukia brashi zake, anapiga mluzi.

Amuri akateremka kivukoni, akapanda mtumbwi wa kwenda Lubunga. Hakujua bado atasema nini. Mto ulikuwa umejaa, mpiga kasia alikuwa anabishana na abiria juu ya bei ya muhogo, na Amuri aliona afadhali kelele ile iendelee, isiishe.

Nyumbani kwa Mahmoudi alimkuta Mama Binti nje, mbele ya kikaango, anauza mikate ya mafuta.

"Prof wetu! Karima iko nyuma, anafua. Kwanza kula, mgeni hasimami na mkono mtupu."

Akamfungia mikate miwili kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya daftari, imeandikwa mistari kwa wino wa bluu. Mafuta yalikuwa yanaenea, lakini maneno yalisomeka: *balıqçı* — mvuvi. *səbət* — kikapu. *gözləyirəm* — ninangoja.

"Mama, hizi karatasi..."

"Ah, daftari zake za kule. Ziko nyingi. Amesema nitumie, zisikae bure kula nafasi. Mi nilimwambia, mwana, weka, akasema, weka ya nini, Mama, kama hata Prof ameona si lugha?"

Amuri hakuweza kula. Alizunguka nyumba, mikate mkononi. Karima alikuwa ameinama kwenye beseni, povu mpaka kiwiko.

"Yaya? Umefika mpaka huku?"

"Karima, sikiliza, na usinikatize, nikikatizwa nitakimbia." Akasogea mpaka kwenye beseni. "Hukuharibu. Hakuna neno uliloharibu. Kiazabajani chako kiko safi. Mtu wa Baku amesoma, amesema umeandika kama mtu wa kwao. Mi nilikisoma kwa macho ya Kituruki. Kila kilichokuwa tofauti na Kituruki nilikiita kosa, na kila kilichonikumbusha Sherzod nilikiita Kiuzbeki. Sikujua, na nilisema kama ninajua."

Karima akatoa mikono ndani ya maji. "Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali ambalo Amuri aliliomba lisiulizwe.

"Kabla hujaja kwangu."

Ng'ambo meli ilipiga honi.

"Nilikuja na kalamu," Karima akasema.

"Nilikuona."

"Ulinikaribisha, ukaniweka kwenye kiti, ukanitazama. Kutojua, yaya, mi nisingekuwa na neno. Nani anajua Kiazabajani hapa? Lakini nilikuuliza *səhər*. Neno moja. Ungesema ndiyo tu, nisingeuliza ya pili."

Amuri aliangalia chini. Hakuomba msamaha, aliona kwamba kuomba saa ile kungekuwa kumwongezea Karima kazi nyingine, ya kumtuliza.

Karima akasuuza mikono. "Sasa utafanya nini?"

"Twende kwa patron. Nitasema."

"Hapana kwa patron tu. Adeline awepo. Ulisema mbele ya nani, useme mbele ya hao hao. Na hiyo karatasi, nipe." Akaitoa mikate, akaikunjua ile karatasi yenye mafuta, akaianika kwenye kamba katikati ya nguo. "Mama! Usifunge tena na daftari!"

*

Ofisini Amuri alisema. Alisema akiwa amesimama, kalamu nyekundu mezani mbele yake, akarudia neno moja moja: hili nililiita Kiuzbeki, si Kiuzbeki, hili nililiita kosa, ni sahihi, langu mimi lina maana ya kesho, langu jingine lina maana ya mkurugenzi. Alipofika kwenye kushuka na kuanguka Adeline hakucheka. Alimtazama Karima, akasema chini chini, "Ndeko, dada yangu, mi nilikupigia simu na kicheko. Pole."

Papa Kataliko mishipa ilimtoka shingoni. "Alors Prof! Mi nilikuita ili aibu isinipate! Ungesema tu, Kataliko, hii siijui! Ni maneno mangapi hayo?"

"Machache, patron."

"Machache! Na yamekushinda!" Akazunguka meza yake, akasimama mbele ya Karima, akashusha sauti mpaka ikawa ya mtu wa kawaida. "Mutoto wangu, mi nimekosa pia. Nilikupa mtihani halafu nikamwita mutu wa darasa lingine kusahihisha. Kibao ni chako. Safari ni yako."

"Na Jérémie apewe herufi yake," Karima akasema.

Jérémie aliifuta kazi yake bila kinyongo, akapaka upya, na *ə* zake zikasimama kwenye bluu ile kama watoto wamevaa kwa ajili ya sherehe.

Wageni walifika asubuhi mapema, wazee wenye kofia. Amuri alikuwepo. Hakuna aliyemwalika, alikuja, akashika kamba ya mtumbwi wa mbele ili watu washuke vizuri. Alisoma kibao kwa mara nyingine na sasa alishangaa jinsi kilivyokuwa wazi, kila neno limekaa mahali pake, na hakuona tena alichokuwa amekiona kuwa makosa.

Bibi mmoja mrefu alisimama mbele ya ubao, akasoma kwa sauti, *Kisanqaniyə xoş gəlmisiniz*, akaweka mkono kifuani. Karima akamjibu kitu. Bibi akapiga kelele ya furaha, akamkumbatia, wengine wakaja mbio, na katikati ya sauti zile Karima alikuwa anaongea, anaongea, anacheka kwa kichwa chote, mtu ambaye Lubunga haikuwahi kumwona. Mama Binti, aliyevuka ili kuona tu, alikuwa anafuta macho kwa kitenge.

Kisha bibi yule akamnyooshea Amuri kidole, akauliza. Amuri alielewa swali: huyu ni nani?

Karima alimtazama. Akajibu kwa sentensi ndefu, haraka, kwa mwendo wa Baku. Amuri alitega masikio yake yote ya Bursa. Alikamata *türkcə*, Kituruki. Alikamata *dost*, rafiki, au labda lilikuwa neno jingine linalofanana. Kilichobaki kilimpita kama maji kwenye kikapu. Bibi alimtazama tena, akatikisa kichwa polepole, na uso wake ungeweza kuwa wa huruma au wa kumlaumu.

Karima hakumtafsiria. Naye Amuri hakuuliza. Akavuta kamba karibu, akaweka mguu wake kwenye ukingo wa mtumbwi usiyumbe, akampa mkono mzee wa mwisho ashuke.